Kujibu swali la kisa kuhusu nadharia ya malengo na usimamizi kwa malengo, hatua kwa hatua

Kila ninaposahihisha swali la kisa kuhusu malengo, nakutana na jibu lilelile. Mwanafunzi anaandika nusu ukurasa kuhusu Edwin Locke na Gary Latham, anaeleza kwamba lengo mahususi na gumu huongeza utendaji, kisha anamshauri meneja wa kwenye kisa aweke lengo mahususi na gumu. Lakini meneja huyo tayari ameliweka! Mtunga swali alimpa lengo hilo kwa makusudi, halafu akaharibu kitu kingine pembeni, na alama nyingi ziko kwenye hicho kilichoharibika.

Kwa hiyo kazi yako kwenye swali la namna hii inafanana na ya fundi anayeitwa kuangalia mashine iliyosimama. Nadharia inakuambia mashine inahitaji nini ili iende. Kisa kinakuonesha kipi kimekosekana. Mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu kukisoma hadi kuandika jibu lake.

Hatua ya kwanza: ijue nadharia kwa namna ya kuitumia

Dai lenyewe ni fupi. Mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu, akalikubali, atafanya vizuri kuliko aliyepewa lengo rahisi, na pia kuliko aliyeambiwa "jitahidi uwezavyo". Locke alilieleza katika makala ya mwaka 1968, na kitabu alichoandika na Latham mwaka 1990 kikalijenga kuwa nadharia kamili. Mwaka 1981, walipopitia na wenzao tafiti zilizokuwa zimefanyika hadi wakati huo, kiasi cha asilimia 90 ya tafiti hizo zilionesha mwelekeo huohuo.

Kinachowatatiza wanafunzi ni hilo neno "jitahidi". Inaonekana ajabu kwamba mtu aliyeambiwa atoe uwezo wake wote atoe kidogo kuliko aliyepewa namba. Sababu ni kwamba "jitahidi" haina kipimo cha nje. Kila mtu anajiwekea tafsiri yake, na tafsiri hiyo inapanuka na kusinyaa kulingana na uchovu, hali ya siku na anavyowaona wenzake wakifanya. Akifunga faili 25 atasema amejitahidi, akifunga 35 atasema hivyohivyo, na hakuna wa kumbishia. Lengo mahususi linaziba nafasi hiyo ya tafsiri. Ugumu nao unaamua kiwango kitakuwa juu kiasi gani. Namba ndogo ni mahususi pia, lakini mtu akishaifikia hana sababu ya kuendelea. Ndiyo maana nadharia inataka sifa zote mbili kwa pamoja.

Mfano ninaoupenda zaidi kuutumia ni wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani, ambao Latham na Baldes waliuchapisha mwaka 1975. Malori yaliyobeba magogo kutoka msituni yalikuwa yakipakiwa kiasi cha asilimia 60 tu ya uzito uliokubalika kisheria. Madereva walikuwa wakiambiwa wajitahidi, na wao waliona wanajitahidi. Watafiti wakaweka lengo la asilimia 94. Hapakuwa na nyongeza ya fedha, ila pongezi za mdomo, na madereva waliahidiwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa uzito ukipanda kisha ukashuka. Mwezi wa kwanza uzito ulifika takriban asilimia 80. Mwezi wa pili ukashuka hadi 70. Kisha ukapanda kupita 90 na kubaki huko. Baadaye madereva walieleza kwamba mwezi ule wa pili walikuwa wakiwajaribu wakubwa waone kama ile ahadi ya kutowaadhibu ilikuwa ya kweli.

Ukiuelewa mfano huu, huna haja ya kukariri zile njia nne ambazo lengo hupitia ili kuongeza utendaji. Lengo huelekeza macho kwenye jambo moja: madereva walianza kujali uzito wa mzigo. Huongeza nguvu anayoitoa mtu. Humfanya adumu, hata baada ya kuyumba katikati. Na humsukuma kutafuta mbinu: baadhi ya madereva walipendekeza marekebisho madogo kwenye malori ili waweze kukadiria uzito vizuri zaidi. Hiyo njia ya kwanza, ya kuelekeza macho, ishike kwa mkono wa kulia, kwa sababu ndiyo inayobeba faida na hasara kwa pamoja. Macho yakielekezwa upande mmoja, yanaondoka upande mwingine.

Hatua ya pili: geuza masharti ya nadharia yawe maswali

Locke na Latham hawakusema kwamba lengo gumu hufanya kazi popote. Walitaja masharti, na mtahini anataka kuona unayajua. Kabla ya kukisoma kisa, yaandike pembeni ya karatasi yako ya rafu kwa sura ya maswali:

- Je, watu wamelikubali lengo na kujifunga nalo?
- Je, wanapata mrejesho unaowaonesha walipo ukilinganisha na lengo?
- Je, wana ujuzi wa kulifikia, au kazi bado ni ngeni na yenye mambo mengi kwao?
- Je, kuna kikwazo nje ya uwezo wao, kama vifaa, muda au taarifa?

Maswali manne yanatosha. Unaposoma, kila sentensi ya kisa ipeleke kwenye swali lake. Watunga mitihani hawaandiki sentensi za kupamba. Kisa kikitaja kwamba wafanyakazi fulani ni wapya au kwamba mashine inaharibika, ujue kuna sharti la nadharia linalogongwa hapo.

Hatua ya tatu: soma kisa ukiwa na kalamu, na ufanye hesabu

Hiki hapa kisa nilichokitunga kwa ajili ya mazoezi.

*Kitengo cha madai cha kampuni moja ya bima kina wafanyakazi 12. Wanane ni wazoefu, wanne waliajiriwa mwezi uliopita. Kazi ni siku tano kwa wiki, asubuhi na mchana. Kwa muda mrefu meneja aliwaambia washughulikie madai kwa haraka kadiri wanavyoweza, na kila mzoefu alifunga wastani wa faili 30 kwa wiki, 2 kati yake zikipelekwa na wakaguzi kwenye dawati la marekebisho kwa sababu ya makosa. Kisha mkurugenzi alitoa waraka wa mstari mmoja: kuanzia Jumatatu, kila mfanyakazi afunge faili 45 kwa wiki. Wiki mbili za mwanzo wazoefu walifikia wastani wa faili 41. Tangu wiki ya tatu mfumo wa kompyuta umekuwa ukizimika asubuhi mbili kila wiki, na wastani umeshuka hadi faili 34, ambazo 7 zinapelekwa kwenye marekebisho. Wafanyakazi wapya wanafunga faili 14, na wawili wameomba kuhamishwa. Ripoti ya makosa huwafikia wafanyakazi mwisho wa kila robo mwaka. Mkurugenzi anasema lengo limeshindwa kwa kuwa watu hawana ari, na anataka lirudishwe kuwa 30.*

*(a) Kwa kutumia nadharia ya uwekaji malengo, tathmini maelezo ya mkurugenzi. (Alama 15)*
*(b) Mshauri jinsi ya kutumia usimamizi kwa malengo katika kitengo hiki. (Alama 10)*

Mwanafunzi mwenye haraka ataona 41 ikishuka hadi 34, atakumbuka neno "kujifunga na lengo", na atamwunga mkono mkurugenzi kwamba ari imeshuka. Usikimbilie huko. Wiki ya siku tano ina vipindi kumi vya nusu siku. Mfumo ukizimika asubuhi mbili, vinabaki vinane. Faili 41 kwa vipindi kumi ni wastani wa 4.1 kwa kipindi. Faili 34 kwa vipindi vinane ni 4.25. Kasi ya watu haijashuka hata kidogo. Kilichoshuka ni muda wa kufanyia kazi.

Endelea na hesabu hiyohiyo. Kabla ya waraka, kasi ilikuwa faili 3 kwa kipindi, na faili safi, yaani zisizorudishwa, zilikuwa 2.8. Sasa faili safi ni 27 kwa vipindi vinane, karibu 3.4. Kwa hiyo lengo limefanya kile ambacho nadharia inakitabiri: watu wanafanya kazi kwa kasi kubwa kuliko walipoambiwa wajitahidi, hata ukiondoa faili zenye makosa. Wakati huohuo, makosa yametoka faili 2 kati ya 30 hadi 7 kati ya 34, takriban mara tatu kwa uwiano, na mzigo wa kuyasahihisha umehamia kwenye dawati jingine.

Hesabu hizi zinachukua dakika tatu. Zinalibadilisha jibu zima, kwa sababu sasa unaweza kumpinga mkurugenzi kwa takwimu zake mwenyewe. Ikiwa kisa ulichopewa hakina namba, tafuta mfuatano wa matukio badala yake: nini kilitangulia kushuka kwa utendaji, lengo au kikwazo?

Hatua ya nne: jibu sehemu (a) kwa kutaja kilichokosekana

Anza na hukumu, usianze na historia ya nadharia. Sentensi yako ya kwanza iseme kama maelezo ya mkurugenzi ni sahihi au la. Mfano: "Maelezo ya mkurugenzi hayaungwi mkono na takwimu za kisa, kwa sababu kasi ya wafanyakazi wazoefu kwa kila nusu siku haijapungua tangu mfumo uanze kuzimika." Msahihishaji akisoma sentensi hiyo anajua tayari kwamba umekisoma kisa.

Kisha pita kwenye masharti, ukianza na lenye uzito zaidi katika kisa hiki.

Kikwazo cha nje. Lengo gumu linaongeza nguvu ya mtu, ila nguvu hiyo haiwezi kuwasha mfumo uliozimika. Namba 45 ilipangwa kwa vipindi kumi. Kwa vipindi vinane, kasi ileile iliyokusudiwa ingetoa faili 36, na wazoefu wako kwenye 34. Hapa ndipo mahali pazuri pa kuingiza sauti ya upinzani kwa sentensi moja au mbili: mtaalamu wa ubora W. Edwards Deming alipinga malengo ya namba kwa wafanyakazi akisema kwamba sehemu kubwa ya matokeo hutoka kwenye mfumo wa kazi, na mfumo ni jukumu la uongozi. Huna haja ya kukubaliana naye kwa kila kitu, lakini katika kisa hiki hoja yake inagonga penyewe.

Mwelekeo wa macho pamoja na mrejesho. Haya yaandike kwa pamoja, kwa sababu yanasababishana. Lengo lilitaja idadi tu, halikutaja usahihi. Mfanyakazi anajua kila jioni amefunga faili ngapi, lakini makosa yake atayajua mwisho wa robo mwaka. Kwa hiyo jambo moja limetajwa kwenye lengo na linaonekana kila siku, na jingine halikutajwa wala halionekani. Mtu yeyote katika hali hiyo atavutwa kwenye lile la kwanza, bila kuwa mvivu wala mbaya. Wanafunzi wengi huandika tu kwamba "wafanyakazi walipuuza ubora". Hayo ni maelezo ya matokeo. Mtahini anataka njia iliyopita kutoka kwenye lengo hadi kwenye kosa, na njia hiyo ndiyo hii.

Wafanyakazi wapya. Hawa watenganishe kabisa na wazoefu, kwa kuwa kwao lengo lenyewe ndilo kosa. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walichapisha utafiti uliotumia zoezi la kuongoza ndege kwa kuigiza. Waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kazi hiyo, wakapewa lengo mahususi na gumu, walifanya vibaya zaidi. Akili ya mtu anayejifunza kazi yenye mambo mengi imeshajaa: anakumbuka hatua, anatofautisha aina za madai, anatafuta kitufe. Ukimwongezea kuhesabu umbali uliobaki hadi 45, unamnyang'anya sehemu ya akili aliyoihitaji kujifunza. Kwa watu hawa Latham na wenzake walipendekeza lengo la kujifunza: lengo mahususi na gumu bado, lakini la kumiliki mbinu fulani badala ya kutoa idadi fulani. Faili 14 na maombi mawili ya kuhama ni dalili za kitu hicho.

Kukubali lengo. Litaje mwisho na kwa kiasi. Waraka wa mstari mmoja usio na sababu ni njia dhaifu ya kuwafanya watu walikubali lengo, na ni hatari kwa siku zijazo. Lakini takwimu za wazoefu hazioneshi kwamba wameliacha. Kusema "ushahidi wa kisa haututoshi kulaumu hili" kunakupa alama kuliko kulaumu kila kitu.

Malizia kwa pendekezo la mkurugenzi. Kurudisha lengo kuwa 30 kutaondoa kitu pekee kilichofanya kazi, yaani ugumu wake, na kutaacha mfumo ukizimika, makosa yakifichika hadi mwisho wa robo na wapya wakiwa na lengo lisilowafaa.

Hatua ya tano: ijue tofauti ya nadharia na usimamizi kwa malengo kabla ya kuandika (b)

Usimamizi kwa malengo ulipata umaarufu kupitia Peter Drucker, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu utendaji wa menejimenti. Ulitangulia nadharia ya Locke kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo usiandike kwamba Drucker "aliitumia nadharia ya Locke". Sahihi ni kwamba nadharia inaeleza kwa nini utaratibu wa Drucker unaweza kufanya kazi.

Vitabu vya kufundishia huutaja kwa viungo vinne: malengo mahususi, ushiriki wa wafanyakazi katika kuyaweka, muda uliowekwa bayana, na mrejesho kuhusu utendaji. Malengo hushuka ngazi kwa ngazi: ya taasisi huzaa ya idara, ya idara huzaa ya mtu mmoja mmoja. Ukivilinganisha viungo hivi na masharti ya nadharia, vitatu vinakwenda sambamba bila shida. Kimoja kinaleta ubishi, nacho ni ushiriki, na hapo ndipo mtahini hupenda kusimama.

Wanafunzi wengi huandika kwamba usimamizi kwa malengo hufanikiwa kwa sababu wafanyakazi wameshiriki kuweka lengo. Nadharia haisemi hivyo. Tafiti za Latham zilionesha kwamba lengo lililotolewa na bosi hufanya kazi sawa na lililowekwa kwa pamoja, ikiwa ugumu ni uleule. Miriam Erez alipata kinyume chake: lililotolewa na bosi lilifanya vibaya zaidi. Walichofanya baadaye ni jambo la nadra sana katika sayansi. Waliketi pamoja, Locke akiwa msuluhishi, wakabuni majaribio ya kutafuta chanzo cha tofauti yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa namna ya kulitoa lengo. Katika tafiti za Erez mtu alipewa namba kwa ufupi, bila maelezo. Katika za Latham alielezwa sababu ya lengo na kuoneshwa kwamba anaaminiwa analiweza.

Kwa hiyo lengo la kutoka juu si kosa lenyewe. Kosa ni lengo la kutoka juu lisilo na sababu, na waraka wa mkurugenzi wetu ni wa aina hiyohiyo. Ushiriki bado una faida kubwa, ila faida yake hasa ni taarifa: ukikaa na wafanyakazi kupanga lengo, watakuambia yale usiyoyajua. Katika kisa chetu wangemwambia mkurugenzi kuhusu mfumo kabla hajawalaumu kwamba hawana ari.

Hatua ya sita: andika (b) kwa malengo yanayoonekana, si kwa orodha ya viungo

Jibu dhaifu la (b) linaorodhesha viungo vinne na kusema kila kimoja kitumike. Jibu lenye nguvu linaandika malengo yenyewe. Fanya hivi.

Anza juu, na anza na kikwazo. Katika usimamizi kwa malengo viongozi nao wana malengo. Lengo la kwanza la kitengo hiki si la wachakataji madai. Ni la meneja pamoja na mkuu wa kompyuta: ndani ya wiki nne mfumo usizimike saa za kazi, na ikishindikana, faili zigawiwe kwa vipindi vilivyopo kweli. Wanafunzi wachache sana huandika lengo la bosi, na mimi nikiliona hutoa alama bila kusita.

Kisha wazoefu. Kasi yao ya sasa ya faili safi, karibu 3.4 kwa kipindi, ingefikia faili 34 kwa wiki kamili. Kwa hiyo pendekeza, baada ya mazungumzo na kila mmoja, lengo la faili 38 safi kwa wiki kamili ifikapo mwisho wa mwezi wa tatu, huku zinazorudishwa zisizidi 2. Ni gumu, kwa kuwa linazidi kasi yao ya sasa ya faili safi, na linafikika, kwa kuwa wamewahi kufunga 41 kwa jumla. Eleza hivyo kwenye jibu. Mtahini hatakuadhibu ukipendekeza 37 au 39, lakini namba isiyo na sababu haina thamani. Ona pia kwamba neno "safi" limeingiza ubora ndani ya lengo lenyewe. Hiyo ni salama kuliko kuweka malengo mawili yanayovutana, moja la wingi na moja la ubora.

Wapya wapewe lengo la kujifunza lenye muda: ndani ya wiki sita kila mmoja aweze kushughulikia aina tatu za madai zinazojitokeza mara nyingi, hatua zote za ukaguzi, bila msaada, mbele ya mzoefu anayemsimamia. Lengo la idadi lije baada ya hapo.

Mrejesho ndio kitu rahisi kubadilisha na chenye matokeo ya haraka. Faili zenye makosa zirudi kwa aliyezifunga, na hesabu yake aipate kila wiki. Kikao kati ya mfanyakazi na meneja kifanyike kila mwezi, na mwisho wa robo iwe tathmini ya kupanga malengo mapya. Onya pia kuhusu kuyafunga malengo moja kwa moja na bonasi. Utafiti uliochapishwa na Maurice Schweitzer na wenzake mwaka 2004 ulionesha kwamba watu waliopewa lengo mahususi, hasa waliolikosa kidogo tu, ndio waliokuwa wepesi kudanganya kuhusu walichokifanya. Mtu aliyefunga faili 37 wakati lengo ni 38 ndiye wa kuangaliwa, na ndiye anayehitaji ahadi ya kutoadhibiwa kama ile ya madereva wa Oklahoma.

Mwisho, mrudie mkurugenzi. Robert Rodgers na John Hunter walikusanya tafiti 70 za usimamizi kwa malengo na kuchapisha matokeo mwaka 1991. Tafiti 68 zilionesha ongezeko la tija. Pale ambapo uongozi wa juu ulijifunga kikamilifu na mpango, ongezeko la wastani lilikuwa asilimia 56. Pale ambapo kujifunga huko kulikuwa kudogo, lilikuwa 6. Mkurugenzi anayetoa waraka wa mstari mmoja kisha akawaza kurudi nyuma ndani ya wiki chache yuko upande wa 6. Andika hivyo wazi, kwa adabu ya mshauri.

Hatua ya saba: gawa muda wako

Kwa swali la alama 25 lenye dakika 45, mimi huwashauri wanafunzi watumie dakika nane kusoma na kufanya hesabu, ishirini kwa (a), kumi na tano kwa (b), na mbili kusoma tena. Maelezo ya nadharia peke yake yasizidi aya moja fupi. Kila jina la mtafiti unalolitaja lifuatwe na kitu kutoka kwenye kisa ndani ya sentensi hiyohiyo au inayofuata. Ukiona umeandika aya nzima isiyo na faili, mfumo, mkurugenzi wala wafanyakazi wapya, ifute na uianze upya kutoka kwenye kisa.